Kamera 160 kwa siku 30: kuchagua kati ya seva ya kati na rekoda za kanda

Mwenye jengo anapoomba kotesheni tatu za mfumo wa kamera, mara nyingi anarudishiwa namba tatu za diski zisizokaribiana. Mmoja anasema terabaiti 209, mwingine 139, wa tatu 110, na wote wameahidi siku 30 za kumbukumbu kwa kamera zilezile. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amechagua jibu lake kwa maswali matatu ambayo mteja hakuulizwa: picha zibanwe kwa njia gani, zirekodiwe muda wote au kukiwa na mwendo tu, na zihifadhiwe kwenye seva moja ya kati au kwenye rekoda za kila sehemu. Hapa nayalinganisha majibu hayo kwa jengo moja, ili namba za kotesheni ziweze kusomwa na mtu anayelipa.

Tuchukue jengo la aina inayojengwa sana Dar es Salaam: maegesho ghorofa mbili chini ya ardhi, maduka ghorofa mbili za mwanzo, juu yake ofisi, kisha nyumba za kupanga na za kununua. Kamera ni 160, na tunataka siku 30. Makadirio haya ni ya kamera za megapikseli 4 zinazobana picha kwa H.265:

| Sehemu | Kamera | Wastani kwa kamera | Kilele kwa kamera |
|---|---|---|---|
| Maduka, kaunta, milango ya ndani | 40 | 4 Mbps | 6 Mbps |
| Korido na ngazi za ofisi na makazi | 80 | 1.5 Mbps | 3 Mbps |
| Maegesho | 30 | 3 Mbps | 5 Mbps |
| Mageti na namba za magari | 10 | 6 Mbps | 8 Mbps |

Ukijumlisha, jengo zima linatoa wastani wa Mbps 430, yaani megabiti 430 kwa sekunde, na kilele cha Mbps 710. Hizo ndizo namba mbili za kushika, kwa sababu kila moja ina kazi yake. Diski hupimwa kwa wastani, maana kinachojaza diski ni jumla ya siku nzima, mchana wa pilikapilika na usiku wa manane pamoja. Mtandao hupimwa kwa kilele, maana swichi ikizidiwa kwa sekunde kumi, picha za sekunde hizo zimepotea hata kama siku nzima iliyobaki ilikuwa shwari. Makosa mengi ninayoyaona kwenye kotesheni yanatokana na kutumia namba moja kwa kazi zote mbili. Ukitumia kilele kwa diski, mteja analipia diski zisizohitajika. Ukitumia wastani kwa mtandao, picha zinakatika siku ambayo kila mtu anakimbia, na hiyo ndiyo siku utakayoulizwa picha.

Hesabu ya diski yenyewe ni nyepesi. Megabiti 1 kwa sekunde ikiendelea saa 24 inakuwa gigabaiti 10.8, kwa hiyo:

```
TB = Mbps ya wastani × 0.0108 × siku
430 × 0.0108 × 30 = 139.3
```

Terabaiti 139 ndiyo namba ya kotesheni ya pili. Sasa tuone zile mbili nyingine zimetoka wapi.

H.264 au H.265

Aliyeandika 209 ametumia H.264, njia ya zamani ya kubana picha iliyotangulia H.265. Watengenezaji hupenda kusema H.265 inapunguza data kwa nusu, lakini kwa kupanga bajeti mimi huhesabu theluthi tu. Akiba ni nzuri zaidi kwenye korido tulivu. Kwenye maduka yenye watu wengi, rangi nyingi na mwanga wa matangazo unaobadilika, akiba inapungua. Kwa theluthi hiyo, H.264 ingehitaji Mbps 645 mahali ambapo H.265 inatumia 430, na siku 30 zinakuwa terabaiti 209. Tofauti ya terabaiti 70 ni diski saba za terabaiti 10, pamoja na nafasi za kuzichomeka, umeme na joto lake.

Kwa jengo jipya, basi, H.265. Faida ya H.264 iliyobaki ni moja tu, nayo si ndogo: inafunguka popote. Polisi wakija na flashi kuchukua kipande cha tukio, kompyuta ya kituoni inaweza ikawa ya zamani na H.265 ikafunguka kwa kukwamakwama au isifunguke kabisa. Dawa yake ni kuhakikisha kabla ya kununua kwamba rekoda inaweza kutoa kipande pamoja na programu yake ya kuchezea, au kukigeuza kuwa H.264 wakati wa kukitoa. Pia kompyuta ya chumba cha walinzi iwe na kadi ya picha inayofungua H.265 yenyewe. Bila hiyo, skrini ya madirisha 16 inaifanya kompyuta ihangaike hadi picha zichelewe, na fundi ataanza kulaumu mtandao ambao hauna kosa.

Kuna mpangilio mwingine unaobadilisha hesabu kimyakimya: CBR na VBR. Kwenye CBR kamera inatuma kasi ileile usiku na mchana, korido ikiwa tupu au imejaa. Kupanga ni rahisi kwa sababu wastani na kilele ni namba moja, lakini unahifadhi kuta. Kwenye VBR kasi inapanda na kushuka kwa kufuata kinachotokea, hadi kikomo ulichoweka. Jedwali la juu ni la VBR yenye kikomo. Usikubali VBR isiyo na kikomo, hasa kwa kamera za nje. Usiku mwanga ukipungua, kamera inaongeza nguvu ya picha, chengachenga zinajaa, na kamera inazichukulia kama mwendo. Geti lisilo na mtu saa nane usiku linaweza kutuma data nyingi kuliko saa nne asubuhi.

Rekodi mfululizo au mwendo tu

Hapa ndipo kotesheni ya terabaiti 110 ilipozaliwa, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Hoja ya mwandishi wake inasikika vizuri. Korido za makazi zina watu labda robo ya muda. Basi kamera 80 zirekodi kukiwa na mwendo tu, tuokoe robo tatu. Korido zinatumia Mbps 120 kwa jumla. Robo tatu yake ni 90. Mbps 90 kwa siku 30 ni terabaiti 29. Toa 29 kwenye 139, umebaki na 110. Hesabu imekaa sawa, ila akiba ileile imehesabiwa mara mbili.

Ile 1.5 Mbps ya wastani tayari ina utulivu ndani yake. Kamera ya korido yenye VBR inatuma kama Mbps 3 mtu anapopita na kama Mbps 1 ikiwa tupu. Robo ya muda kwa 3 ni 0.75, robo tatu ya muda kwa 1 ni 0.75 nyingine, jumla ndiyo 1.5. Ukiacha kurekodi wakati wa utulivu, unaokoa ile 0.75 ya pili tu, yaani nusu, wala si robo tatu. Muda uliofutwa ni mrefu, lakini ulikuwa muda wa bei rahisi. Kwa kamera 80, akiba halisi ni Mbps 60, sawa na terabaiti 19.4 kwa siku 30. Jengo linahitaji terabaiti 120, si 110.

Upungufu wa terabaiti kumi unaonekana mdogo ukiuangalia kwa jengo zima. Kama diski zote zingekuwa fungu moja, siku 30 zingeshuka hadi kama 27. Lakini kwenye rekoda za kanda diski hazichangiwi. Korido zimepewa terabaiti 9.7 wakati zinahitaji 19.4, kwa hiyo kumbukumbu yake inaisha siku ya 15, huku maduka yakiwa na siku zake 30 kamili. Mpangaji wa ghorofa ya tisa anarudi kutoka safari ya wiki tatu, anakuta mlango umevunjwa, anaambiwa picha zimeshafutwa. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Rekoda ilifanya kazi yake ya kufuta za zamani ili kupata nafasi.

Msimamo wangu kwa jengo hili: maduka, mageti na maegesho yarekodi mfululizo. Dukani mwendo hauishi wakati wa biashara, kwa hiyo akiba ni ndogo. Kwenye maegesho taa za magari na vivuli vinawasha rekodi bila sababu, na kwa upande mwingine mtu anayetembea pembeni ya ukuta, mbali na kamera, anaweza asiiamshe. Korido na ngazi zinaweza kuwekwa mwendo tu, kwa sharti kwamba rekoda ihifadhi sekunde 5 hadi 10 za kabla ya mwendo kugunduliwa. Bila sekunde hizo utapata mgongo wa mtu anayeondoka, na uso hutauona.

Jambo moja zaidi kuhusu uchaguzi huu: haupunguzi mtandao hata kidogo kama anayegundua mwendo ni rekoda. Kamera inaendelea kutuma picha zote, rekoda inazitazama na kuamua iandike zipi. Na hata kamera ikigundua yenyewe, siku ya king'ora cha moto korido zote zinajaa watu kwa pamoja, na kamera 80 zinapanda hadi Mbps 240 kwa dakika moja. Mtandao upangwe kana kwamba hakuna rekodi ya mwendo.

Seva ya kati au rekoda za kanda

Kwenye mpango wa kati, kamera zote 160 zinaelekea kwenye seva yenye programu ya usimamizi. Diski 12 za terabaiti 16 kwa RAID 6, mpangilio unaotenga nafasi ya diski mbili ili data ibaki hata mbili zikifa, zinatoa terabaiti 160, zinazobeba 139 pamoja na ziada ya asilimia 15. Ziada hiyo usiiache: vipande vilivyofungwa visifutwe kwa ajili ya kesi vinakula nafasi. Na usishtuke diski ya terabaiti 16 ikionekana kama 14.5 kwenye mashine zinazohesabu kwa mafungu ya 1,024: nafasi ni ileile, kipimo ndicho tofauti.

Uzuri wa mpango huu ni kufuatilia. Mlinzi anamwona mtu maegesho, anamfuata lifti, dukani hadi ghorofa ya ofisi, kwenye skrini moja na saa moja. Ubaya ni mambo mawili. Seva ikizima, jengo zima linakuwa halina rekodi, kwa hiyo unahitaji ya pili inayosubiri. Pia Mbps 710 zinaingia mlango mmoja. Mlango wa gigabiti 1 hubeba kama Mbps 940 kwa kila upande, kwa hiyo mwanzoni unatosha. Ila diski zikiwa kwenye kasha tofauti linalofikiwa kwa mlango uleule, zile 710 zinatoka tena kuelekea kasha hilo, na walinzi wakifungua madirisha 64 kwa picha kamili za Mbps 4 zinatoka 256 nyingine. Hiyo ni 966, mlango umejaa. Mpango wa kati kwa ukubwa huu unataka gigabiti 10 kati ya swichi kuu na seva, na skrini za walinzi zitumie mtiririko mdogo wa kama Mbps 0.5, zikipanda hadi picha kamili pale tu mlinzi anapokuza dirisha moja.

Kwenye mpango wa kanda unagawa kamera kwa NVR, yaani zile rekoda za kanda. Wateja wengi hutazama idadi ya chaneli na kuishia hapo. Rekoda ya chaneli 64 inaonekana inatosha kamera 40 za maduka na 10 za mageti, bado kuna nafasi 14. Lakini kwenye karatasi ya mashine kuna kipimo kingine, data inayoingia, na kwa rekoda nyingi za chaneli 64 ni Mbps 320. Maduka yana kilele cha 240, mageti 80. Jumla ni 320 kamili, hakuna hata nafasi ya kamera moja. Rekoda ikifika hapo, nyingine hukataa kamera ya mwisho. Nyingine huikubali na kuanza kuacha fremu. Kwa hiyo nahamishia mageti kwenye rekoda ya maegesho: kamera 40, kilele 230. Maduka yanabaki peke yake na 240. Korido hazitoshi kwenye rekoda moja ya chaneli 64, zinagawanywa mbili za kamera 40, kilele 120 kila moja. Jumla rekoda nne.

Upande wa diski, rekoda ya maduka ndiyo inayobana. Inahitaji terabaiti 51.8. Diski 8 za terabaiti 8 kwa RAID 6 zinatoa 48, ambazo ni siku 27 na ushee. Fundi atakushauri RAID 5, itoe 56, siku zitimie. Mimi ningeongeza ukubwa wa diski badala ya kupunguza kinga. RAID 5 inavumilia diski moja kufa. Ukiweka mpya, rekoda inaijaza upya huku ikiendelea kurekodi kamera 40, na kazi hiyo inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima. Diski ya pili ikifa katika muda huo, mwezi mzima umekwenda. Diski 8 za terabaiti 10 kwa RAID 6 zinatoa 60, na 51.8 pamoja na asilimia 15 ni 59.6. Inatosha.

Kwa jengo hili nachagua rekoda nne, lakini zote nne kwenye chumba kimoja, si kila moja kwenye kanda yake. Kuziweka kwenye vyumba vidogo vya nyaya kila ghorofa kunapunguza safari ya data, ndiyo, ila vyumba hivyo kwa Dar ni joto, mara nyingi havina kiyoyozi, na funguo zake ziko kwa watu wengi mno. Anayetaka kuficha alichofanya huanza na rekoda. Chumba kimoja chenye kiyoyozi, betri ya kuhimili hadi jenereta liwake, na mlango unaoandika nani kaingia, ni rahisi kulinda kuliko vinne. Na kwa kuwa kila rekoda ina mlango wake wa gigabiti 1, hakuna mlango unaopita Mbps 240. Moja ikifa, sehemu tatu zinaendelea.

Kugawanya huku kunasaidia na jambo jingine. Msimamizi wa maduka hana sababu ya kuona nani anaingia nyumba gani saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisikae kupita mahitaji ya kusudi hilo. Rekoda ya korido za makazi yenye watumiaji wake na siku zake inafanya hilo liwezekane bila kutegemea mlinzi kukumbuka.

Ningebadili uamuzi kuelekea seva ya kati kama kamera zingekuwa 300 na zaidi, au kama kuna chumba cha walinzi chenye watu saa 24 wanaofuatilia watu kutoka sehemu hadi sehemu. Chini ya hapo, fedha za seva ya pili na gigabiti 10 zinafanya kazi nzuri zaidi kwenye diski na faiba.

Njia ya kutoka ghorofani

Nasema faiba kwa sababu mipango yote miwili inaweza kuharibiwa na kitu kimoja: swichi za ghorofani zilizofungwa kwa mnyororo. Korido zina kamera 8 kwa kila ghorofa, ghorofa 10. Fundi anaweka swichi ya bei nafuu yenye milango ya Mbps 100 kila ghorofa, na anaiunganisha ya juu kwa ya chini yake hadi chumba cha rekoda. Kila ghorofa ina kilele cha Mbps 24. Ghorofa nne ni 96. Ukifika ya tano kuhesabu kutoka juu ni 120, na kebo ya Mbps 100 imezidiwa. Siku za kawaida, kwa wastani wa 12 kwa ghorofa, inapita hadi ghorofa ya nane. Na siku ya makabidhiano, korido zikiwa tupu, kila ghorofa inatuma kama 8, zote kumi ni 80, kwa hiyo majaribio yanafaulu.

Dalili yake unaitambua hivi: kamera za ghorofa kadhaa zinaharibika kwa pamoja, saa za watu kwenda na kurudi kazini, wakati kamera za maduka ni safi. Picha inavutika na kuacha madoa ya mraba kama kamera inatumia UDP, njia isiyorudia data iliyopotea, au inachelewa kisha inaruka sekunde kadhaa kama ni TCP, inayoirudia. Kamera moja ikiharibika peke yake, kagua kebo yake. Zikiharibika pamoja, tafuta njia wanayochangia. Njia sahihi ni kila swichi kuwa na mlango wa gigabiti 1 wa kutokea, na kila moja iende moja kwa moja kwenye swichi kuu kwa faiba, hasa pale ambapo umbali unapita mita 100 za kebo ya kawaida.

Kupima kabla ya kusaini

Usitegemee jedwali langu wala la muuzaji. Omba kamera moja ya aina utakayonunua, ifungwe korido, kisha dukani, kisha getini, na urekodi dakika kumi mchana na dakika kumi saa nane usiku kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -rtsp_transport tcp -i "rtsp://..." -c copy -t 600 geti.mkv
```

Chukua ukubwa wa faili kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawanya kwa 600. Faili la megabaiti 450 ni Mbps 6. Vipimo vya mchana na usiku vinakupa wastani. Kikomo ulichoweka kwenye kamera ndicho kilele.

Na kwenye mkataba, weka malipo ya mwisho yasubiri. Siku ya kumi baada ya rekodi zote kuanza, fungua ukurasa wa diski wa kila rekoda. Iliyopangwa kwa siku 30 inapaswa kuwa imejaa theluthi au pungufu kidogo. Ikiwa imejaa theluthi mbili, rekoda hiyo ina siku 15, na bado kuna muda wa kumwita fundi aongeze diski kabla picha ya kwanza haijafutwa.